Nina milioni 15 na nataka IST ya milioni 14: gari hii itanigharimu kiasi gani hasa?

Kijana wa Goba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nakaa Goba, kazi yangu iko Mikocheni. Nimeajiriwa, mkononi napata milioni 1.3 kwa mwezi. Kwa miaka kadhaa nimejibana na sasa nina milioni 15 benki. Kuna IST nimeiona yadi, rangi nyeusi, bei ya mwisho ni milioni 14. Nimeiendesha, imetulia.

Shemeji yangu aliposikia akaniambia nikae kwanza, nijiulize hiyo milioni 14 ingefanya nini kama isingekuwa gari. Sijamwelewa vizuri. Mimi naona pesa ni yangu, gari itabaki kuwa yangu, na nikikwama nauza. Hasara iko wapi? Naombeni hesabu, si maneno ya kunitisha. Nauli na boda kwa sasa vinanila kama 150,000 kwa mwezi, wikiendi zikiwemo.

Mzee wa Yadi

Mkuu, usinunue yadi, agiza mwenyewe Japani. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, weka mwaka wa gari na ukubwa wa injini, utaona ushuru wako kabla hujatuma hata senti. Ila ujue IST za toleo la kwanza zote zimevuka miaka 10, kwa hiyo kodi ya uchakavu ni asilimia 30, na hiyo ni mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT. Nyeusi inachafuka haraka, chukua silva.

Kijana wa Goba

Asante mkuu, ila swali langu si ninunue wapi. Swali ni kama ninunue.

Bondi Tu

Dogo, gari ni kaburi la pesa. Peleka milioni 14 Benki Kuu, ikopeshe serikali kwa hatifungani ya miaka 25. Kuna wakati riba yake ilikuwa asilimia 15.75, maana yake unakula zaidi ya milioni 2.2 kila mwaka huku umelala. Ndani ya miaka mitano pesa imeshajizalisha mara mbili, una milioni 28. Hiyo IST yako ndani ya miaka mitano itakuwa skrepa. Kwa hiyo gari ya milioni 14 bei yake ni milioni 28. Mjadala umeisha.

Hesabu za Jioni

Mleta uzi, shemeji yako amekupa swali zuri, na Bondi Tu ameanza kulijibu vizuri ila kamalizia vibaya. Ngoja nilipange kwa utaratibu, maana kazi yangu ni ya mahesabu na watu wengi nawaona wanaishia kwenye bei ya gari tu.

Kwanza hiyo hatifungani. Riba inalipwa kila miezi sita, inaingia kwenye akaunti yako ya benki na hapo inakaa. Haijizalishi yenyewe. Ili ufike mara mbili kwa miaka mitano lazima kila riba inayoingia uiwekeze tena, na uipate kwa kiwango kilekile. Viwango navyo havijakaa palepale: Aprili 2022 riba ya miaka 25 ilishushwa kutoka 15.95 hadi 12.56, baadaye ikapanda tena. Halafu ukihitaji pesa yako mwaka wa tatu, unaiuza hatifungani sokoni kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Kwa hiyo kwa kijana mwenye milioni 15 tu maishani mimi ningepima kwa kitu anachoweza kukitoa muda wowote, kama mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa Ukwasi wa UTT. Miaka ya karibuni umekuwa ukitoa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Tuchukue 10 kamili ili tusijidanganye.

Pili, gari si skrepa. IST Dar inashika bei kuliko simu, kuliko sofa, kuliko karibu kila kitu unachonunua. Ukiitunza miaka mitano unaweza kuiuza milioni 9. Kwa hiyo ni makosa kusema umechoma milioni 14. Umepoteza 5, ambayo ni milioni 1 kwa mwaka, kama 83,000 kwa mwezi.

Tatu, hiyo milioni 14 ingekuwa kwenye mfuko wa UTT ingekuletea kama milioni 1.4 mwaka wa kwanza. Hiyo ni 117,000 kwa mwezi ambayo hutaiona. Hakuna atakayekutumia bili yake, ndiyo maana watu hawaihesabu.

Nne, na hapa ndipo penye uzito kuliko kote: uendeshaji. Goba mpaka Mikocheni na kurudi, na mizunguko ya wikiendi, weka kilomita 1,000 kwa mwezi. Kwa foleni zetu IST itakupa kilomita 11 kwa lita, hivyo lita 91. Petroli ikiwa karibu 3,000, ni 273,000. Bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani pamoja na VAT, kwa gari ya milioni 14 inakuja kama 578,000 kwa mwaka, yaani 48,000 kwa mwezi. Sevisi, tairi, breki na bushi weka 100,000. Maegesho na kuosha 40,000. Jumla ni kama 460,000. Toa nauli ya 150,000 ambayo hutailipa tena, inabaki 310,000.

Jumlisha sasa: 310,000 na 83,000 na 117,000. Gari hii inakugharimu 510,000 kila mwezi zaidi ya unavyoishi leo. Kwa mshahara wa milioni 1.3.

Kijana wa Goba

Duh. Mimi nilikuwa najua mafuta tu.

Fundi wa Ilala

Hesabu za Jioni uko sahihi, ila hapo kwenye 100,000 ya matengenezo ongeza neno. IST ya kwanza ina giaboksi ya kawaida, ngumu, haina kelele. Hizi za toleo la pili, kuanzia 2007, zina CVT. Inataka oili yake maalumu. Watu wanaletewa gari gereji imewekewa oili yoyote, giaboksi inaanza kuteleza, ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele gari haiendi. Hapo ni giaboksi ya mtumba, na inakula zaidi ya milioni. Mwaka kama huo hesabu yote ya mwezi inabadilika. Kabla hujalipa, chomoa kipima oili cha injini, angalia rangi na unuse. Halafu iendeshe mpaka ichemke kabisa, panda nayo mlima wa Goba. Giaboksi mbovu inajificha ikiwa ya baridi.

Kuuza tena, ukiitunza unaweza kufika hata 10. Ikigongwa na kunyooshwa, hata 7 utabembeleza.

Mama Nasra

Mimi niko tofauti na nyie. Nauza nguo za watoto Mbagala, mzigo nachukua Kariakoo mara tatu kwa wiki. Zamani nilikuwa nalipa kirikuu na vijana wa kubeba, na siku nyingine mzigo unabaki stoo ya watu kwa sababu gari imekosekana. Nilivyonunua Raum, ile pesa ya kirikuu ikawa inaingia kwenye mafuta, na napeleka nguo mpaka kwa wateja wa Kigamboni niliokuwa nawakosa. Kwangu gari imeongeza mauzo. Kwa hiyo hii habari ya kwamba gari ni kaburi la pesa sikubaliani nayo.

Hesabu za Jioni

Mama Nasra, na hupaswi kukubaliana nayo. Kwako ile 510,000 unaitoa kwenye faida iliyoongezeka na kirikuu ulichoacha kulipa. Ikibaki chanya, umenunua mtaji. Kijana wa Goba gari yake itakaa chini ya mwembe wa ofisi kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja. Ni gari ileile, hesabu mbili.

Bondi Tu

Sasa mbona jibu lako na langu ni moja? Asinunue.

Hesabu za Jioni

Sijasema asinunue. Nimesema bei yake. Na wewe ulihesabu milioni 14 peke yake, ukasahau kwamba asiponunua anabaki pia na 310,000 kila mwezi. Angalia miaka mitano kwa asilimia 10:

Akiweka milioni 14 na asiongeze kitu, anafika milioni 22.5.
Akiweka na hiyo 310,000 kila mwezi, hiyo peke yake inafika milioni 23.7.
Zote pamoja ni milioni 46 na ushee, dhidi ya mtu mwenye gari ya milioni 9.

Tofauti ni milioni 37. Ukitoa kupanda kwa bei, tuseme asilimia 3.5 kwa mwaka, ni kama milioni 31 za leo. Lakini soma hapa vizuri, mleta uzi: zaidi ya nusu ya milioni 46 inatoka kwenye ile 310,000 ya kila mwezi. Usiponunua gari halafu hiyo pesa ikaishia kwenye teksi za mtandao, nyama choma na kubadilisha simu, tofauti inashuka mpaka milioni 13.5. Nimeona wengi wanajisifu hawana gari na bado akiba hawana. Weka agizo la kudumu benki, lihame siku ya mshahara, la sivyo usijihesabie hizo milioni 37.

Mwana wa Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu huku gari ikizidi miaka 8 hairuhusiwi kuingizwa nchini, kwa hivyo bei ziko juu kuliko zenu na hesabu huuma zaidi. Lakini kuna jambo sijaona mtu akilitaja. Mimi pesa zangu ziko SACCO, na mkopo hupewa mara tatu ya akiba. Nikitaka kuzitoa lazima nijiondoe uanachama. Kwa hivyo nikitoa shilingi laki tano ninunue gari, sipotezi gawio la laki tano tu, napoteza pia uwezo wa kukopa milioni moja u nusu kwa riba nafuu siku nitakapopata kiwanja. Ndugu yetu wa Goba, pesa zako ziko benki tu ama ziko chamani?

Kijana wa Goba

Benki tu, kaka. SACCOS ya kazini nipo ila nina laki nane, hiyo siigusi.

Hesabu za Jioni

Swali zuri hilo la Mombasa, limenikumbusha kitu nilichopaswa kuuliza mwanzo. Mleta uzi, una deni lolote? Mkopo wa mshahara, wa SACCOS, simu ya kulipia kila siku, chochote.

Kijana wa Goba

Mkopo wa mshahara upo, nilijengea msingi na kuta kwa wazazi. Umebaki kama milioni 6, makato 244,000, miezi 30. Riba asilimia 16. Lakini huo unakatwa wenyewe, nimeshauzoea.

Hesabu za Jioni

Basi futa nusu ya niliyoandika juu. Nilikuwa napima gari dhidi ya UTT kwa asilimia 10, na kumbe kuna mahali pesa yako inaweza kufanya kazi kwa asilimia 16 bila wasiwasi wowote: kulipa hilo deni. Unapopima gharama ya kununua kitu, unakipima na nafasi nzuri kuliko zote uliyonayo, si nafasi iliyo maarufu mitandaoni. Mtu anayedaiwa kwa 16 na kuweka akiba kwa 10 anapoteza asilimia 6 kwenye kila shilingi.

Ukiacha liende lenyewe, kwenye miezi 30 utalipa milioni 7.3 kwa deni la milioni 6. Riba iliyobaki ni kama milioni 1.3.

Ukilipa leo, unabaki na milioni 9. Tenga milioni 1 ya dharura, usiiguse. Milioni 8 iende UTT. Na sasa kila mwezi una 310,000 ya gari ambalo hujanunua, na 244,000 ya makato yaliyokufa. Hiyo ni 554,000. Baada ya miaka miwili, kwa asilimia 10, una milioni 24. Ukiitaka IST bado, nunua, unabaki na milioni 10 na hudaiwi.

Usipolipa deni lakini ukaahirisha gari na kuweka milioni 14 yote pamoja na 310,000, utakuwa na milioni 25, ila utadaiwa bado miezi sita. Ukitoa hilo, kulipa deni kunakuzidishia kama laki sita. Si pesa ya kutisha. Ila ni ya uhakika, na mshahara wako unapumua.

Kabla hujafanya lolote, nenda benki uombe barua ya salio la kufunga mkopo. Uliza vitu viwili: je, kuna tozo ya kulipa mapema, na je, riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye kiasi cha awali mpaka mwisho. Ikiwa ni hiyo ya pili, kulipa mapema hakuokoi kama nilivyoandika.

Shangazi wa Samani

Jamani samahani, mie nasoma tu lakini imenigusa. Nahamia kwangu, nataka sofa. Dukani kuna seti ya kutoka nje milioni 4.5. Fundi wa Keko ananitengenezea kwa milioni 1.2, fremu ya mninga. Na hii inahesabiwa hivyohivyo?

Hesabu za Jioni

Inahesabiwa hivyohivyo, na ni rahisi zaidi kwa sababu sofa halinywi mafuta. Pima tofauti tu, maana kukaa chini hutakaa. Tofauti ni milioni 3.3. Kwa asilimia 10, miaka mitano, inakuwa milioni 5.3. Na sofa, tofauti na IST, ukiliuza baada ya miaka mitano unashukuru mtu akilibeba. Keko nenda mwenyewe uone fremu kabla haijavalishwa kitambaa. Ukiletewa imeshafungwa huwezi kujua ndani kuna mninga au mbao za maboksi.

Bondi Tu

Na simu?

Hesabu za Jioni

Simu bei yake ni ndogo, tatizo ni mara ngapi. Angalia zaidi hizi za kulipa kidogokidogo. Simu inayouzwa taslimu 350,000, ukitanguliza 60,000 na kulipa 1,500 kila siku mwaka mzima, umelipa 607,500. Anayesubiri miezi michache akaweka hiyohiyo 1,500 pembeni ananunua taslimu na kubakiwa na zaidi ya laki mbili na nusu.

Mama Nasra

Mie naomba nirudi kwenye gari. Mnahesabu pesa, muda je? Huyu kijana anaamka saa kumi na moja kugombania daladala. Mvua ikinyesha Goba inakuwa tope, boda wanapandisha bei. Ana mke, ana mtoto?

Kijana wa Goba

Nina mke na mtoto wa mwaka mmoja. Kwa gari nitaokoa kama saa nzima kwa siku, kwenda na kurudi.

Hesabu za Jioni

Saa nzima kwa siku ni saa 22 kwa mwezi. Gawa 510,000 kwa 22. Unanunua saa moja kwa zaidi ya 23,000. Mshahara wako ukiugawa kwa saa za kazi, unalipwa kama 7,400 kwa saa. Kama ile saa ungeitumia kufanya kitu cha kukuingizia zaidi ya 23,000, nunua gari kesho.

Mama Nasra

Saa ya kumwona mtoto kabla hajalala utaipigia bei gani? Hiyo 7,400 ni ya mwajiri wake, si ya mwanawe.

Hesabu za Jioni

Hapo sina jibu la kikokotoo, dada yangu. Hiyo ni yake na mkewe. Ninachotaka ni ajue analipia shilingi ngapi, ili akisema inafaa awe amejua.

Fundi wa Ilala

Kuna njia ya kati pia. Passo au Vitz ya namba D, milioni 7 au 8, injini ya lita moja. Mafuta yanapungua, bima inapungua, na mtoto akiumwa usiku una pa kumlaza. Nileteeni niikague kabla hamjalipa.

Bondi Tu

Gari la bei rahisi ndilo linalalia gereji. Mimi bado nasema Benki Kuu.

Kijana wa Goba

Wakuu, nimerudi. Leo nimeenda benki. Riba ni ya salio linalopungua, ila kuna tozo ya kufunga mapema ya asilimia 3, yaani 180,000 kwa milioni 6. Hesabu za Jioni, bado inafaa?

Hesabu za Jioni

Bado. Ile faida ya laki sita inabaki kama laki nne. Ila omba barua ya kumaliza deni, na mwezi unaofuata uangalie hati yako ya mshahara kama makato yamekoma kweli. Yasipokoma peleka barua kwa mhasibu siku hiyohiyo, usisubiri mwezi wa pili.

Kijana wa Goba

Deni nalilipa Jumatatu. Kuhusu gari hatujaelewana nyumbani. Mke wangu amesoma uzi wote, anasema miaka miwili ni mingi, anataka ile Vitz ya Fundi kabla ya masika. Mimi naona tuvumilie angalau mwaka. Fundi, nitumie namba yako inboksi, walau tuione hiyo Vitz ikiwa imechemka.